Mfereji wa Mwalimu Elinipa

Pale Rusimbi, mjini Kigoma, katika shule moja ya sekondari ambayo jina lake tuliache lipumzike, yupo mwalimu wa historia anayeitwa Elinipa. Ni Mpare wa Same, Mlutheri wa kuimba kwaya, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake. Serikali ilimleta Kigoma akiwa na miaka ishirini na sita. Mwaka wa kwanza alilia kwa sababu ya umbali, wa pili akalia kidogo, na wa tatu akanunua kiwanja Gungu. Sasa ni mwaka wa kumi na nne. Anakula migebuka, samaki wa ziwani, kwa ugali wa muhogo na kuwatania Waha kwa Kiha kibovu, nao humcheka machoni pake bila yeye kukasirika.

Wanafunzi wanamwita Mama Hoja. Insha isiyo na hoja zilizosimama hairudi mezani pako salama, inarudi imejaa wino mwekundu mpaka unaionea huruma karatasi. Lakini anafundisha, jamani, tusimnyime haki yake. Mwaka juzi somo lake lilishika nafasi ya kwanza shuleni, na tangu hapo maneno yakawa yanapita kwamba nafasi ya makamu mkuu ikitangazwa, mwenyewe ni yeye. Aliyasikia maneno hayo. Usiku wa Jumapili moja alijaribu hata gauni atakalovaa siku hiyo.

Basi Oktoba hii mvua za kwanza zilikuja na hasira. Zilinyesha wiki nzima, na Alhamisi jioni ukuta wa bafu la wasichana wa hosteli ukaanguka. Ulimwangukia Jovita wa Kidato cha Nne, aliyekuwa chini yake akifua sare. Hakufa, Mungu mkubwa, lakini mkono wa kulia ulivunjika juu ya kiwiko, na hospitalini wakamfunga plasta nzito. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki nne.

Nani aliyeangusha ukuta? Wote walimwona. Scola, mwenzake Jovita wa darasa moja na kitanda cha juu na chini, alikuwa amekuta waya wa kuanikia nguo umelegea na nguo za watu zinaburutika matopeni. Waya ulifungwa kwenye msumari uliopigwa ukutani. Akaushika kwa mikono miwili, akaegemea nyuma, akauvuta ukaze. Ukuta ukamfuata.

Mwalimu Elinipa ndiye katibu wa kamati ya nidhamu. Kesho yake asubuhi, Mkuu wa Shule, Mwalimu Theophil, alimpa fomu ya taarifa ya tukio. Mkuu huyu si mtu mbaya, ila anapenda mambo yaishe kabla ya chai. Kwenye fomu palikuwa na tarehe, mahali, jina la mhusika, halafu neno "Chanzo" na mstari mmoja wa nukta. Mwalimu akaandika bila kusita: "Mwanafunzi Scola Bariki kuvuta waya wa nguo kwa nguvu." Mstari ukatosha kabisa. Akasaini, Mkuu akasaini, na pendekezo likaenda bodi ya shule kwamba Scola asimamishwe na kurudishwa kwao Kagunga mpaka siku ya mtihani.

Mnaojua Kagunga mnajua maana yake. Ni kijiji cha mwisho kule kaskazini, Burundi iko puani, na mtu hufika kwa boti. Huko hakuna mwalimu wa kumfundisha Scola wala mwenzake wa kujadiliana naye, na umeme ni wa kubahatisha. Angekaa wiki nne akianika dagaa na mama yake, halafu aje kukaa kwenye chumba cha mtihani na watoto waliokuwa wakijisomea usiku na mchana. Scola alikuwa wa tatu darasani. Kila mtu alijua kwamba akirudishwa, amekwisha.

Mtu mmoja tu alisema kitu, na hakusema kwa sauti. Ni Adolf, mlinzi, ambaye ndiye pia fundi wa kila kinachovunjika shuleni. Alimkuta Mwalimu penye kifusi, akamwamkia, akakitazama kifusi, kisha akamtazama Mwalimu. "Ukuta umekwenda," akasema. Mwalimu akajibu, "Watoto hawasikii." Adolf akakohoa, akaenda zake. Na Mwalimu Elinipa, jioni ile, hakula vizuri. Alisema ni malaria inanyemelea.

Bodi ilipangwa kukaa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Jumatano mchana, masomo yakiwa yamekwisha, Mwalimu alikuwa ofisini mwake akisahihisha, mlango ukagongwa. Wakaingia wote wawili, Jovita na mkono wake kifuani na Scola na madaftari mawili.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mnataka nini?"

Scola alikuwa anaangalia sakafu. Tangu Alhamisi ile alikuwa hivyo, kama mtu aliyedondosha sindano. Jovita ndiye aliyeongea. "Mwalimu, tuna swali la insha limetushinda. Mimi siwezi kuandika, kwa hiyo nasema, Scola ananiandikia. Ameniandikia tangu Jumatatu, masomo yote."

Mwalimu alihisi kitu kikimkwaruza rohoni, akakifukuza. Akachukua daftari. Swali lilikuwa la Kiingereza, kama somo linavyotaka, na maelezo, kama ilivyo kawaida ya shule zetu, yakawa ya Kiswahili. Lilisema kwamba kufika kwa reli Kigoma ndiko kulikosababisha kudorora kwa Ujiji, nao wajadili. Chini yake Scola alikuwa amejaza ukurasa mzima: reli, reli, reli. Reli ilijengwa Kigoma badala ya Ujiji, basi watu wakahama, biashara ikahama, mji ukalala.

"Hii," Mwalimu akasema, kalamu nyekundu ikiwa tayari hewani, "mngepata alama ya huruma. Kaeni."

Wakakaa. Na hapo ndipo Mwalimu Elinipa huwa mtu mwingine. Husahau njaa, husahau saa, na hata ile sauti kubwa hupungua.

"Reli ilifika Kigoma mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa na kumi na nne," Jovita akajibu.

"Vizuri. Sasa niambieni, Ujiji ilikuwa inaishi kwa nini kabla ya hapo?"

"Biashara ya misafara. Pembe za ndovu na watumwa."

"Na hiyo biashara, mwaka huo wa reli, ilikuwa bado hai?"

Mwalimu akasogeza kiti. Akawaeleza kwamba biashara ya watumwa ilikuwa imebanwa kwa miaka mingi, kwamba kule ng'ambo ya ziwa vita vya Kongo vya miaka ya tisini ya karne ya kumi na tisa vilikata njia za wafanyabiashara wa Ujiji, na pembe za ndovu za kule zikaanza kuteremka upande wa magharibi, kwenda Atlantiki. Wajerumani nao wakafika na bendera yao na kodi zao. "Yote hayo," akasema, "yametokea kabla kichwa cha treni hakijaonekana hapa. Kitu kilichoanza kabla ya reli hakiwezi kuwa kimeletwa na reli. Hilo ni la kwanza kuangalia siku zote, kipi kilitangulia."

"Ehe," akasema Jovita. "Kwa hiyo reli haikuhusika?"

"Nani kasema? Usirukie upande wa pili! Reli imehusika sana. Lakini jiulizeni, kwa nini Wajerumani waliipeleka reli Kigoma, wakauruka mji mkubwa uliokuwa pale pale jirani?"

Kisha Scola, bila kuinua uso, akasema, "Kwa sababu ya maji."

"Endelea."

"Bibi yangu wa Ujiji anasema zamani ziwa lilikuwa karibu zaidi na mji."

"Na bibi yako amesema kweli. Kule magharibi ziwa lina mlango mmoja wa kutolea maji, Mto Lukuga. Ulikuwa umeziba, ukafunguka kwenye miaka ya sabini ya karne ya kumi na tisa, na ziwa likashuka mwaka baada ya mwaka. Ufuko wa Ujiji ukabaki mchanga na maji mafupi, wazi kwa mawimbi. Meli kubwa itatia nanga wapi? Kigoma kuna ghuba yenye kina, na vilima vimeikinga na upepo. Mhandisi yeyote angechagua hiyo. Mnaona? Reli haikushuka kutoka mbinguni. Sababu moja imeibeba nyingine mgongoni."

Alichukua karatasi, akachora. Chini aliandika mambo ya muda mrefu, yale yanayokaa kimya miaka mingi yakiuandaa mji kuanguka: kina cha maji, mji kutegemea biashara ya aina moja. Juu yake, mambo yaliyokuja baadaye yakaongeza uzito: vita vya Kongo, utawala mpya. Juu kabisa akaandika reli, na ofisi za serikali zilizoifuata.

"Hiki cha juu tunakiita kichocheo. Ndicho kinachoonekana, kwa sababu kimekuja mwisho na kimepiga kelele. Mtu mvivu hukiona hicho tu, akakitwika kila kitu. Sasa nyinyi fanyeni hivi: ondoeni sababu moja moja, halafu mjiulize tukio lingetokea? Lingetokea vilevile? Lingetokea lini? Ondoa reli. Ujiji ingerudi kuwa soko kuu la ziwa?"

"Hapana," akasema Jovita. "Labda ingechelewa kudorora."

"Ondoa lile ziwa kushuka, acha reli."

Scola akafikiri. "Labda reli ingeishia Ujiji."

"Labda. Si lazima, ghuba ya Kigoma ingekuwepo bado. Andika 'huenda', usijifanye ulikuwepo. Na mwishoni mpime, ipi nzito, ipi nyepesi, mtoe hukumu yenu. Kutaja sababu sita na kuzipanga tu haitoshi. Mtahini anataka kuona zilivyoshikana."

Alikuwa amefurahi, Mwalimu wetu. Uso ulikuwa unang'aa. Jovita naye akafurahi, mtoto mwepesi wa kushika jambo na mwepesi zaidi wa ulimi, akapiga meza kwa mkono wake mzima.

"Mwalimu, nimeelewa! Ni kama ule ukuta!"

Scola akamkanyaga mguu chini ya meza. Mwalimu alikiona kiatu kikisogea.

"Ukuta gani?" akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Wa bafu. Matofali mabichi, yamejengwa kwa udongo, hiyo ni ya muda mrefu. Halafu mvua wiki nzima. Halafu ule mfereji tuliochimba Septemba pale chini ya ukuta, msingi ukabaki nje. Scola kuvuta waya ni kichocheo. Ukiondoa waya ungeanguka tu, labda kesho yake, labda kwa mtu mwingine. Lakini ukiondoa mfereji..."

Hakumaliza. Si kwamba alizuiwa, alikumbuka tu mfereji uliagizwa na nani.

Maana mwaka jana maji yaliingia stoo ya vitabu vya historia, na Mwalimu Elinipa akaapa kwamba mwaka huu hayaingii. Ikapatikana kazi ya mikono ya Jumamosi. Adolf alikuja, jembe begani, akasema taratibu, "Mwalimu, tukichimba hapa tunaula msingi. Tupitishe kule nyuma." Kupitisha kule nyuma kulikuwa siku mbili za kazi. Mwalimu akamwambia, mbele ya wasichana arobaini, "Adolf, wewe ni mlinzi au mhandisi? Chimbeni." Wasichana wakacheka. Adolf naye akacheka, cha kufanya kilikuwa kipi?

Na alilijua hilo alipokuwa anaandika kwenye fomu. Tusimpambe. Hakusahau. Kalamu ilipofika kwenye neno "Chanzo", mfereji ulimjia kichwani ukiwa umejaa maji mekundu, akauona vizuri, akaandika jina la mtoto.

Sasa angefanya nini? Mtu mwingine angelia hapo hapo. Yeye alisimama akafoka. "Mmekuja kusoma au mmekuja kupika kesi? Chukueni madaftari yenu, tokeni! Mambo ya kamati si ya wanafunzi!"

Walitoka mbio. Scola mlangoni aligeuka, akasema kwa unyenyekevu, "Samahani Mwalimu, hakumaanisha vibaya. Ni mimi nilivuta." Akafunga mlango polepole usije ukagonga.

Hiyo "ni mimi nilivuta" ndiyo iliyomrudisha Mwalimu kitini. Mbele yake ile karatasi aliyoichora ilikuwa bado mezani, reli juu kabisa, na mtu mvivu aliyekuwa akimsema dakika tano zilizopita alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amevaa gauni lake. Aliona aibu. Aibu ya kuonwa mtu huitafutia maneno ikapita. Hii ilikuwa ya kujiona mwenyewe, na hapakuwa na pa kugeuzia uso.

Alhamisi yote alizunguka nayo. Alijitetea njiani akiwa kwenye bodaboda, mpaka dereva akamuuliza kama anaongea naye. Alisema ukuta ulikuwa mbovu tangu zamani, na ni kweli. Alisema mvua si yake, na ni kweli. Alisema mtoto hakutakiwa kuvuta waya, na hata hilo lina ukweli wake kidogo. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na alivyozidi kuzipanga ndivyo alivyoiona ile moja aliyoiacha.

Ijumaa, mama yake Scola alikuwa amefika. Anaitwa Eufrasia, mjane mwenye mikono iliyopasuka kwa chumvi ya dagaa. Alikuwa amepanda boti tangu alfajiri. Hakuja kugomba. Mwalimu alimkuta nje ya ofisi ya Mkuu amepiga magoti mbele ya baba yake Jovita, ndoo ya migebuka iko pembeni, anaomba radhi kwa Kiswahili na Kiha vilivyochanganyika kwa ajili ya binti yake aliyeangusha ukuta. Baba Jovita anamwinua, mama anarudi chini. Scola amesimama nyuma yake, anatazama.

Mwalimu Elinipa alipita pale. Ilimbidi apite, mlango ulikuwa ule ule. Sketi yake iligusa bega la yule mama, na yule mama akasema, "Shikamoo Mwalimu, tusamehe."

Mwalimu akaufungua mlango, akaingia.

Ndani walikaa wajumbe saba. Mkuu akafungua, akatazama saa, akasema katibu asome taarifa tuendelee. Mwalimu alisimama na fomu mkononi. Akasoma tarehe. Akasoma mahali. Alipofika kwenye chanzo akaishia hapo, akaiweka fomu mezani.

"Waheshimiwa," akasema, "hapa niliandika uongo."

Mkuu akainua kichwa.

"Scola alivuta waya, ni kweli. Lakini ukuta ulikuwa umeshakufa umesimama. Ni matofali mabichi, na barua za kuomba saruji zimelala kwenye faili miaka sita. Mvua ilinyesha siku saba. Na Septemba mimi niliamuru wasichana wachimbe mfereji chini ya msingi ule, ili vitabu vyangu visilowe. Adolf alinikataza, nikamdhihaki mbele ya watoto. Mfereji ule usingekuwepo, waya ungevutwa mpaka ukatike na ukuta ungebaki. Nililijua hilo nilipokuwa naandika. Naomba Adolf aitwe aulizwe."

Mwalimu Theophil alisema kwa upole, wa kumwokoa, "Mwalimu, labda umechoka, tuliangalie baadaye." Akajibu kwamba hajachoka. Adolf akaitwa. Akasema yale yale, kwa maneno machache, bila kumtazama, na hakuongeza lile la kudhihakiwa. Mwalimu akaliongeza tena mwenyewe.

Majadiliano yalikuwa marefu na chai ilipoa. Scola akabaki shuleni na ikaandikwa kwamba hana kosa la kuadhibiwa. Kabla mkutano haujafungwa wote walikuwa wamejua kwamba Mwalimu Elinipa ataandikiwa barua ya kujieleza, na ile nafasi ya makamu hakuna aliyeitaja. Mjumbe mmoja aliyekuwa akimsifia kila mwaka alitoka bila kumuaga.

Nje, mama Eufrasia alikuwa ameshaambiwa. Akamwendea Mwalimu, akaishika mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa kumwokoa mwanawe. Akamwita mama. Akataka kumpa samaki. "Ego, ndiyo Mwalimu, chukua, wabichi hawa." Ilikuwa mbaya kuliko kikao. Mwalimu alijaribu kusema kwamba hastahili, yule mama akadhani ni adabu za kukataa, akazidi kumsukumia ndoo.

Scola hakushukuru. Alingoja mama yake aende na ndoo yake kumtafuta Jovita, kisha akasogea. Kwa mara ya kwanza tangu ukuta uanguke alimtazama Mwalimu usoni.

"Mwalimu, kwa nini hukusema siku ile ile?"

"Niliogopa," Mwalimu akasema. "Nilitaka cheo. Na Mkuu alikuwa na haraka, fomu ina mstari mmoja."

Scola akaitikia kwa kichwa. Zilikuwa sababu zinazoeleweka, na angeziandika hivyo hivyo. Mwalimu angeweza kuishia hapo, mtoto angeridhika.

"Hizo ni nyepesi," akasema. "Ingekuwa ni Jovita amevuta waya, nisingeandika jina lake. Baba yake yuko mjini, angekuja kuuliza. Wewe niliona huna mtu."

Scola akasema, "Nimeelewa, Mwalimu," akaenda kumsaidia mama yake kubeba ndoo.